Mkataba wa kununua unga: pima pengo, usiogope maneno makubwa

Unga ukiharibika njiani kati ya kinu na mlaji, anayelipa mara nyingi ni mfanyabiashara wa kati. Halipi kwa sababu yeye ndiye aliyekosea. Analipa kwa sababu ametia sahihi mikataba miwili, mmoja na mwenye kinu Mbarara na mwingine na mnunuzi Nakivale, na mikataba hiyo haikutani katikati. Upande mmoja ameahidi kubeba kila hasara, upande mwingine amekubali kurudishiwa kidogo au asirudishiwe chochote. Tofauti ya pande hizo mbili ndiyo ninayoiita pengo. Hoja yangu leo ni kwamba hatari ya mkataba ipimwe kwa ukubwa wa pengo hilo kwa shilingi, si kwa ukali wa maneno yaliyoandikwa.

Ninawaandikia wale wanaonunua Mbarara na kuuza Nakivale, lakini anayevusha mahindi Mutukula au maharage Bunagana atajiona humu pia. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo katika soko la Base Camp unamkuta Mkongo, Mrundi, Msomali, Mnyarwanda na Mganda wakipatana bei kwa Kiswahili. Mapatano ni ya Kiswahili, lakini karatasi inayofuata ni ya Kiingereza, na humo ndimo vifungu viwili ninavyovizungumzia vinamokaa.

Kifungu cha kwanza ni cha fidia. Ndani yake mtu anaahidi kubeba hasara itakayompata mwenzake: mwenzake akishtakiwa, akidaiwa au akipata gharama kwa jambo lililotajwa, mwenye ahadi ndiye atakayelipa. Kifungu cha pili ni cha ukomo wa dhima. Hapo mtu anaweka dari ya malipo yake: hata akikosea, hatalipa zaidi ya kiasi fulani, au hatalipa aina fulani za hasara. Cha kwanza kinapanua mfuko wako, cha pili kinafunga mfuko wa mwenzako. Ukivisoma kila kimoja peke yake hutaona hatari. Hatari inaonekana unapoviweka kando kwa kando.

Kwanza ni lazima uvipate, na havikai mahali unapotarajia. Wengi hutafuta kichwa cha habari kinachotaja fidia, wasipokiona wakaridhika. Lakini ukomo wa dhima hupenda kujificha katika kifungu cha kupokea mzigo, katika hakikisho la ubora, au katika masharti ya jumla yaliyochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya oda ya ununuzi. Wakati mwingine haumo kabisa katika kurasa ulizopewa: mkataba unasema tu kwamba masharti ya jumla ya kampuni ni sehemu yake. Sentensi hiyo moja inakufunga kwa karatasi ambayo hujaiona, kwa hiyo iombe karatasi hiyo kabla ya kushika kalamu.

Mkataba ukija kwa simu kama faili la PDF, fungua sehemu ya kutafuta na uandike vipande hivi, kimoja baada ya kingine:

```
indemn
harmless
liab
neglig
in no event
sole remedy
defect
```

Viwili vya kwanza vinakupeleka kwenye ahadi za fidia. Cha tatu kinakamata kila mahali dhima inapotajwa. Cha nne kinakuonyesha kama uzembe wa mtu umetajwa kwa jina, na utaona baadaye kwa nini hilo ni muhimu. Cha tano na cha sita ndiyo maneno ambayo mawakili huyatumia wanapoweka dari au kumwachia mnunuzi njia moja tu ya kurudishiwa. Cha mwisho kinakufikisha kwenye siku za kulalamika kuhusu bidhaa mbovu. Kama ulichotumiwa ni picha ya karatasi, simu huenda isione neno lolote ndani yake, na simu isipoona neno haina maana kwamba neno halimo. Hapo chapisha kurasa, chukua kalamu ya rangi, usome mstari kwa mstari.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu sahihi inafunga. Mwaka 1934 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya L'Estrange na Graucob, ilimfunga mwanamke mwenye mkahawa kwa masharti ya herufi ndogo aliyotia sahihi bila kuyasoma aliponunua mashine ya kuuzia sigara. Mashine iligoma, masharti yakamlinda muuzaji. Hukumu za Uingereza si amri kwa majaji wa Uganda, lakini sheria ya mikataba ya Uganda imetoka katika ukoo huohuo, na kusema mahakamani kwamba hukusoma hakutakusaidia sana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamlinda mnunuzi kwa kudai bidhaa ziwe na ubora unaofaa kuuzwa, lakini ulinzi wa namna hiyo unaweza kupunguzwa kwa maneno ya mkataba ambao wewe mwenyewe umeukubali.

Sasa tuchukue mfano, wenye hesabu za kubuni lakini zinazofanana na biashara ya kawaida. Mama mmoja mwenye duka Base Camp anapata oda ya kupeleka tani 20 za unga wa mahindi kwa shirika linalolisha wanafunzi. Kinu kilichoko Mbarara kinamuuzia kilo kwa shilingi 2,000, naye anaiuza kwa shilingi 2,300. Tofauti yake kwa tani zote ni shilingi milioni 6. Akitoa milioni 1.4 za lori na wapakuzi, anabaki na milioni 4.6. Hiyo ndiyo faida yote ya oda nzima, na namba hiyo ikae kichwani tunapoendelea.

Mkataba wake na shirika unasema atalifidia shirika kwa hasara yoyote itakayotokana na unga usiofaa, pamoja na gharama za kuukusanya, kuupima na kuuteketeza. Hauna dari. Mkataba wake na kinu una vifungu vitatu vinavyotuhusu. Cha kwanza, malalamiko ya ubora yaletwe kwa maandishi ndani ya siku tatu tangu mzigo kupokelewa. Cha pili, dhima ya kinu haitazidi bei ya mifuko iliyothibitika kuwa mibovu. Cha tatu, mnunuzi atakifidia kinu kwa dai lolote litakaloletwa na mtu wa tatu kuhusu unga huo baada ya kutoka langoni, hata kama chanzo ni uzembe wa kinu.

Mizigo miwili ya mwanzo inapita salama. Katika mzigo wa tatu, wa tani 5, shirika linachukua sampuli na kuipeleka maabara. Siku ya tisa majibu yanarudi: sumukuvu imezidi kiwango. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na hakuna jicho, pua wala ulimi unaoweza kukipima. Unga huo unaweza kuwa mweupe, mkavu na mtamu.

Shirika linaukataa mzigo na kudai lirudishiwe bei yake, shilingi milioni 11.5. Linanunua tani 5 nyingine kwa haraka kwa bei ya juu zaidi ya shilingi 300 kwa kilo, kwa hiyo linadai tofauti ya milioni 1.5. Kuukusanya unga kutoka shuleni kunagharimu milioni 1.8, maabara milioni 1.2, kuuteketeza milioni 1. Jumla ni milioni 17, na zote zimo ndani ya ahadi ya fidia aliyoitia sahihi.

Anageuka kwa kinu. Siku tatu zilipita zamani, kwa hiyo kinu kinasema hakidaiwi chochote. Pengo lake ni milioni 17 nzima. Ukiondoa faida ya milioni 4.6, oda hii imemwacha na hasara ya milioni 12.4. Tuseme basi malalamiko yake yangefika kwa wakati. Kinu kingelipa bei ya mifuko mibovu kwa bei yake chenyewe, yaani milioni 10, na pengo lingekuwa milioni 7. Hata hapo faida yote ingezama, na angetoa milioni 2.4 mfukoni mwake.

Tazama sasa ni kifungu gani kimemuumiza zaidi. Ile ahadi ya fidia kwa shirika, yenye maneno mazito na ya kutisha, ndiyo iliyofungua mlango. Lakini kilichogeuza pengo la milioni 7 kuwa la milioni 17 ni mstari mdogo wa siku tatu, uliokaa chini ya kifungu cha kupokea mzigo, bila kutaja fidia wala dhima. Mstari huo peke yake una thamani ya milioni 10. Ndiyo maana nasema usipange hatari kwa kuangalia neno linalotisha. Panga kwa kuuliza kila kifungu kitakutoa shilingi ngapi siku mambo yakiharibika.

Kwa kila kifungu ulichokiwekea rangi, uliza maswali matatu. La kwanza: chanzo cha hasara hii kiko mikononi mwa nani? Ukiahidi kulipia kosa la dereva wako, unaweza kumchagua dereva mwingine. Ukiahidi kulipia kosa la msagaji aliyenunua mahindi mabichi, huna la kufanya, kwa sababu hukuwepo alipoyapokea. La pili: kuna dari, na dari hiyo ni kiasi gani ukiilinganisha na faida yako? Dari ya milioni 50 si dari kwa mtu mwenye faida ya milioni 4.6. La tatu: nyuma yangu kuna nani atakayenirudishia, kinu au bima, na atarudisha kiasi gani baada ya masharti yake yote kutimizwa?

Tukivipitisha vifungu vya mama yule katika maswali hayo, mpangilio unajitokeza wenyewe. Juu kabisa nakiweka kile cha kukifidia kinu hata kwa uzembe wa kinu chenyewe. Chanzo hakiko mikononi mwake, dari haipo, na nyuma yake hakuna mtu, kwani anayepaswa kumrudishia ndiye huyohuyo anayemdai. Katika mfano wetu hakuna aliyeugua, kwa hiyo kifungu hicho kililala. Lakini kingeamka siku mzazi mmoja angekishtaki kinu, na hapo hakuna anayejua hesabu ingeishia wapi.

Asidhani mtu kwamba jambo hilo haliwezekani. Machi 2019 huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu waliugua kwa mamia na watano wakafariki baada ya kula chakula cha msaada kilichoongezwa virutubisho. Uchunguzi ulionyesha kwamba chakula kilikuwa na sumu ya asili inayopatikana katika mimea kama mnanaha, ambayo mbegu zake huweza kuchanganyika na mazao shambani. Chakula kile kilipita mikono mingi kabla ya kufika kwenye sahani, na mikono hiyo isingeona kitu kwa macho.

Nafasi ya pili naipa zile siku tatu. Zina dari inayojulikana, milioni 10, lakini uwezekano wa kukupata ni mkubwa kuliko wa kifungu cha kwanza, kwa sababu majibu ya maabara ya kawaida hayatakuja ndani ya siku tatu. Nafasi ya tatu ni fidia isiyo na dari kwa shirika. Nayo ni nzito, lakini sehemu yake inategemea utunzaji wako mwenyewe, na sehemu yake inaweza kusukumwa kwa kinu mkataba wa upande ule ukirekebishwa. Ya nne ni dari ya bei ya mifuko, ambayo gharama yake tumeiona: milioni 7. Chini kabisa naweka kifungu cha kawaida kinachokutaka ulipie uharibifu ambao lori lako litaufanya ndani ya yadi ya kinu. Kimeandikwa kwa maneno makali yaleyale ya fidia, lakini dereva ni wako, na bima ya gari inaweza kubeba sehemu kubwa ukiisoma na kuhakikisha uharibifu wa mali umo. Anayeogopa maneno angekiweka hicho juu na kuzipita siku tatu bila kuziona.

Hapa narudi kwenye lile neno la uzembe. Mwaka 1944, katika bohari moja ya bandari ya Montreal nchini Kanada, wafanyakazi wa serikali waliokuwa wakitengeneza mlango kwa moto wa gesi waliwasha marobota ya pamba, na bohari ikateketea na mali yote. Serikali ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba, na kampuni ya meli ya Canada Steamship Lines ndiyo iliyokuwa mpangaji. Mkataba wa pango ulisema mpangaji hatadai chochote kwa mali kuharibika ndani ya bohari, tena ulisema mpangaji ataifidia serikali kwa madai ya watu wengine. Serikali ikasema basi, hatulipi, na wenye mali wakitushtaki mpangaji atulipie. Mwaka 1952 Baraza la Mfalme mjini London lilikataa. Vifungu vile havikutaja uzembe waziwazi, na majaji waliona si jambo la kawaida mtu kukubali kulipia uzembe wa mwenzake, kwa hiyo anayetaka hivyo aseme wazi.

Mahakama za Uingereza zimeulegeza msimamo huo katika miaka ya karibuni, kwa hiyo usiutegemee kama ngao. Lakini unakupa kipimo cha kusomea. Kifungu kinachosema utalipa hasara zote bila kutaja uzembe wa mwenzako kinaacha nafasi ya kubishana. Kifungu kinachosema utalipa hata kama ni uzembe wake hakiachi nafasi, na ndicho cha kupanda juu katika orodha yako.

Wapo watakaoniambia kwamba maneno haya ni ya watu wenye mawakili, na kwamba kinu kitamwambia mama wa Base Camp achukue au aache. Ni kweli kwamba hatabadilisha kila kitu, na ndiyo sababu ya kupanga. Anayejua kifungu kipi kinamgharimu zaidi anaomba mambo mawili na kuacha mengine matano. Hata mwenye kinu husikiliza ombi dogo lenye sababu kuliko orodha ya malalamiko.

Ombi la kwanza liwe kuhusu siku. Acha siku tatu zibaki kwa kasoro zinazoonekana, kama mifuko iliyochanika, uzito pungufu au unga uliolowa. Kwa kasoro zisizoonekana, omba siku saba tangu majibu ya maabara kupatikana, na mwisho usizidi siku 45 tangu kupokea mzigo. Ombi hilo halimgharimu chochote mwenye kinu anayesaga mahindi safi. Ombi la pili liwe kufuta maneno yanayokutwisha uzembe wa kinu, ili kila mmoja abebe kosa lake. Ukipata hayo mawili tu, kifungu cha kwanza na cha pili katika orodha vimeshuka. Kama kuna nafasi ya ombi la tatu, omba dari ya kinu ipande kutoka bei ya mifuko mibovu hadi mara mbili ya bei hiyo. Katika mfano wetu dari ingekuwa milioni 20, na milioni 17 zote zingeingia chini yake, mradi mkataba useme kwamba gharama za kukusanya, kupima na kuteketeza zimo.

Kwa upande wa mnunuzi mambo ni magumu zaidi. Ukiuza kwa shirika la Umoja wa Mataifa, masharti yake ya jumla hayabadilishwi kwa ajili ya muuzaji mdogo. Yana ahadi ya fidia, na humo huoni dari kwa ajili ya muuzaji. Lakini yasome vizuri: fidia ile inahusu madai yanayoletwa na watu wa tatu dhidi ya shirika, kutokana na vitendo vyako au vya wale uliowapa kazi. Mashirika mengine madogo huandika mikataba yao wenyewe na kupanua zaidi, yakidai ulipie hata hasara zao za ndani. Ukikutana na hiyo ya pili, una haki ya kuuliza kwa nini shirika dogo linadai kwa muuzaji wa Nakivale zaidi ya kile Umoja wa Mataifa unachodai.

Usikubali pia ahadi ya mdomo badala ya maandishi. Mwenye kinu anaweza kukwambia kwa simu, kwa nia njema kabisa, kwamba unga ukileta shida atakulipa zote. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba wa fidia uwe wa maandishi, na pia mkataba wowote wenye thamani ya zaidi ya shilingi 500,000. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi ya fidia nayo ni mali, na bila maandishi inapotea hivyohivyo.

Hata kifungu kizuri hakitakusaidia kama huwezi kuthibitisha chanzo. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, na mara nyingi huwa imeshaingia kabla ya mahindi kufika kinuni. Lakini unga ukikaa katika bohari yenye unyevu, ukungu unaweza kuendelea kuota, na mwenye kinu atasema ni bohari yako iliyouharibu. Dawa yake ni sampuli. Lori linapopakiwa Mbarara, chota unga kutoka mifuko kadhaa ya sehemu mbalimbali za shehena, si mfuko mmoja, kwa sababu sumukuvu hukaa kwa mafungu: mfuko mmoja unaweza kuwa safi na wa pili kuwa mbaya. Changanya, gawanya katika pakiti tatu, zifunge, wewe na mtu wa kinu mtie sahihi juu ya kila moja pamoja na tarehe na namba ya lori. Moja ibaki kinuni, moja iwe yako, ya tatu ihifadhiwe mahali pakavu kwa ajili ya maabara ikiwa mtabishana. Pakiti hiyo ndiyo itakayosema kama kosa lilikuwa upande wa Mbarara au upande wa Nakivale.

Na mkibishana, si lazima uende Kampala na wakili. Uganda ina utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, kwa kanuni za mwaka 2011, unaopokea madai ya bidhaa yasiyozidi shilingi milioni 10, na mawakili hawasimami humo. Mkimbizi naye ana haki ya kufika mahakamani. Angalia lakini kama mkataba wako umeweka usuluhishi wa faragha badala ya mahakama, kwani hapo njia hiyo inaweza kufungwa. Pengo la milioni 7 linaingia katika utaratibu huo. La milioni 17 haliingii. Hiyo ni sababu nyingine ya kupigania zile siku.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye vinu na mashirika yanayonunua. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kama lugha hiyo inatosha kupatania bei, inatosha pia kueleza nani atalipa nini mzigo ukikataliwa. Mkataba wa Kiingereza ubaki, lakini juu yake iwekwe karatasi moja ya Kiswahili inayotaja vitu vitatu: siku za kulalamika, dari ya kila upande, na makosa ya nani yanalipwa na nani. Kinu chenye unga safi hakina cha kuficha katika karatasi hiyo. Nawe mfanyabiashara, mpaka itakapoletwa, iandike mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Weka mkataba wa Mbarara kushoto, wa Nakivale kulia, toa kimoja kutoka kwa kingine, na ulinganishe jibu na faida yako. Jibu likizidi faida, bei uliyopewa haijakamilika, na mazungumzo yaendelee.